Lubiriha haivukwi kwa haraka

Mtu wa hapa Bungulu akisema kesho anakwenda Kampala, swali la kwanza kijiweni ni bei ya tiketi. Nauli ya taksi hadi Kasindi ni ngapi, basi la Mpondwe ni ngapi, watoto wanalipa nusu au zima? Ah! Nauli ni kitu chepesi kuliko vyote katika safari hiyo. Unaiuliza, unatajiwa, unalipa, imekwisha. Kinachowamaliza watu wetu ni zile saa mbili tatu katikati, kati ya kushuka kwenye gari Kasindi na kukaa kwenye kiti cha basi ng'ambo ya mto Lubiriha. Hapo ndipo pesa inapotoka bila kitansi, hapo pasipoti inakosa muhuri, na hapo mama anabaki amesimama na mabegi yake huku basi limeondoka.

Wiki hii tulikuwa na habari ya mama mmoja jirani yetu, muuza vitenge, mtu anayejua hesabu. Mpwa wake aliyeko Kampala alimkatia tiketi ya basi la jioni kutoka upande wa Mpondwe. Kwenye picha ya tiketi aliyotumiwa kwa simu iliandikwa 5:00 PM. Mama akasoma vizuri kabisa: saa kumi na moja jioni. Akatoka Beni saa tatu asubuhi. Taksi ikangoja kujaa, barabara ikawa na vituo vyake, daraja la Semuliki, Bulongo, Lume, na saa nane mchana akawa Kasindi. Akajiambia bado ana saa tatu mkononi. Akala, akatafuta kambisti, akaingia kwenye ofisi ya DGM saa tisa. Ilikuwa Jumanne, siku ya soko, na Jumanne na Ijumaa pale mpakani ni watu juu ya watu. Alipomaliza ofisi zote za pande mbili na kutokea kwenye lami ya Uganda, saa yake ya mkono ilisema saa kumi na dakika kumi. Kwa hesabu yake basi lilikuwa na dakika hamsini mbele. Kumbe lilikuwa limeondoka dakika kumi nyuma.

Hakuna aliyemwibia. Beni na Butembo tunafuata saa ya mashariki ya Kongo, na Uganda wako saa moja mbele yetu. Ukiwa Kasindi saa tisa, mwenzako wa hatua mia chache ng'ambo yuko saa kumi. Tiketi ya basi la Uganda inaandikwa kwa saa ya Uganda, na muda wa kufika kituoni ni wa Uganda vilevile. Kwa hiyo 5:00 PM ya tiketi ni saa kumi jioni ya kwetu, na 8:00 PM, ambayo watu wengi wa Kampala wanaipenda kwa sababu wanalala njiani, ni saa moja usiku ya Beni. Juu ya hapo sisi tuna kawaida ya kuchanganya: shuleni tumesoma saa za Kifaransa, kwa hiyo mmoja anasema ishirini, mwingine anasema saa mbili, tiketi inasema 8:00. Ni wakati mmoja huohuo, halafu bado unapaswa kutoa saa moja ili ujue uondoke nyumbani lini.

Na simu haikusaidii, inazidisha. Ukikaribia Kasindi simu inaanza kushika mtandao wa Uganda, na kama saa yake imewekwa ijipange yenyewe, inaruka saa moja mbele. Ukigeuka upande wa duka, inashika mtandao wa Kongo na kurudi nyuma. Mtu anatazama simu mara mbili katika dakika tano na anaona saa mbili tofauti. Kabla ya kutoka Bungulu, zima kule kujipanga kwenyewe, uiache simu kwenye saa ya Beni, na saa ya basi uiandike kwenye karatasi kwa namna mbili: ya kwao na ya kwetu. Zima pia data, kwa sababu mtandao wa ng'ambo unaweza kula yuniti zako kwa bei ya mgeni bila wewe kugusa kitu.

Basi unaondoka saa ngapi? Ushauri wangu, na hapa motari mmoja wa kijiwe chetu tunabishana naye kila mara, ni kutoka Beni alfajiri hata kama basi ni la usiku. Ni kilomita kama 80 tu hadi Kasindi, na hiyo 80 inamdanganya mtu, anaona ni karibu. Lakini sote tunaijua barabara hiyo. Tumezika watu wake. Kuna vipindi magari yalikwenda kwa msafara wa kusindikizwa na jeshi, na msafara una saa yake, hauna habari ya tiketi yako. Hata siku barabara ikiwa shwari, huwezi kutaka kuwa njiani jua linapoelekea kuzama. Ukifika Kasindi asubuhi, unavuka asubuhi, unangoja basi kwa utulivu upande ule. Kungoja Mpondwe ukiwa tayari na muhuri ni kupumzika. Kungoja Kasindi bila muhuri ni kamari.

Tuje kwenye karatasi. Kosa linalonisonyesha kuliko yote ni mtu kupita na jetoni kisha kupanda basi la Kampala. Kile kikaratasi ni cha mtu wa mpakani: anavuka kwenda soko la Mpondwe, anauza ndizi zake au ananunua sabuni, jioni anarudi. Hakikupeleki Kasese, sembuse Kampala, iliyoko zaidi ya kilomita 400 kutoka darajani. Pale darajani hakuna atakayekukataza, na ndiyo hatari yenyewe: unaona umepita. Kizuizi kinakuja mbele, kwenye barieri, askari anapoingia kwenye basi na kuomba pasipoti. Tena tusiwalaumu askari wale kwa kuuliza sana. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, na Juni mwaka huohuo waasi waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, kwenye shule ya sekondari pale Mpondwe-Lhubiriha. Mkongomani asiye na muhuri kwenye basi la usiku kutoka mpaka huo atashushwa tu. Na kadi ya mpiga kura, ambayo hapa nyumbani tunaitumia kwa kila kitu, kule ni picha yako tu.

Wengine wanaonyesha lasepase ya CEPGL. Hiyo ni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Uganda haimo katika jumuiya hiyo. Kongo na Uganda tuko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, lakini kuingia huko hakukuondoa pasipoti wala muhuri.

Mihuri yenyewe ni miwili na ina mpangilio. Kwanza DGM upande wetu wanakupigia wa kutoka, kisha Uganda wanakupigia wa kuingia. Ukiruka wa kwanza kwa sababu foleni ni ndefu na kijana mmoja amekuambia "yaya, pitia hapa," utaufahamu ubaya wake siku ya kurudi: pasipoti yako inasema uliingia Uganda, lakini Kongo haikukuona ukitoka. Hapo ndipo maelezo yanapogeuka kuwa pesa. Ukishapigiwa, usiondoke dirishani. Fungua ukurasa, angalia tarehe, angalia na siku ulizopewa, ambazo mara nyingi zinaandikwa kwa kalamu. Ukiomba wiki tatu ukaandikiwa siku saba, ni rahisi kusema palepale, "Mzee, niliomba wiki tatu." Kesho yake Kampala, kusahihisha ni ofisi nyingine na siku nyingine. Kila siku unayozidisha inahesabiwa juu yako wakati wa kutoka.

Kisha kuna kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa watu wetu wanaliwa pesa kwa kutojua mambo mawili. La kwanza, tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo hiyo ni ya maisha yote. Kadi yako ya mwaka 2009 yenye maneno ya miaka kumi bado ni nzima. Mtu akikuambia imekufa na kwamba anaweza kukuandikia mpya bila sindano kwa dola kadhaa, mwambie kwa adabu kwamba ni ya maisha, uombe kumwona mkubwa wa afya wa pale. La pili linawaumiza wanaochelewa: chanjo ya mara ya kwanza inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kudungwa. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Jumatano, kadi ni ya kweli lakini haijaanza kazi. Na kuhusu kunawa mikono na kupimwa joto, tusione ni usumbufu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka huu na familia moja, na mtoto wa miaka mitano akathibitishwa kuwa nayo akiwa Bwera. Wale wanaoshika kipimajoto wanatulinda sisi kwanza.

Sasa, nani ana haki ya kukuomba kitu mpakani? Jambo hili lingepaswa kubandikwa kwenye kila gari linalotoka Beni. Dekre nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma nne za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi kwenye mipaka yetu: uhamiaji, yaani DGM; forodha, ambayo wakati huo iliitwa OFIDA na leo ni DGDA; OCC, wanaokagua bidhaa; na huduma ya usafi na afya ya mpakani. Nne tu. Msafiri mwenye begi la nguo na hana bidhaa, wanaomhusu kweli ni wawili, uhamiaji na afya, na forodha akitaka kutazama begi ana haki. Lakini wewe shuka Kasindi uhesabu meza. Kuna meza ya huyu, kiti cha yule, kijana mwenye daftari, mwingine mwenye kamba. Kila mmoja anataka "kitu kidogo cha maji." Ukitoa mia tano kwa huyu, elfu kwa yule, unafika darajani umeacha pesa ya kula njiani.

Papa mmoja hapa kijiweni aliniuliza, "Sasa nikatae, wanifunge?" Hapana, papa, usigombane. Tumia maneno matatu ya upole: "Naomba kitansi, tafadhali." Malipo ya serikali yana karatasi yenye jina la huduma, kiasi na muhuri. Anayechukua pesa halali atakuandikia. Asiye na kitabu cha kitansi mara nyingi atakuambia, "Basi mama, pita." Siyo mara zote. Kuna siku utamkuta mkaidi, na hapo unasema ungoje mkubwa wake, unakaa pembeni. Hapa ndipo ile asubuhi yako inakutetea. Mwenye saa nne mkononi anaweza kungoja. Mwenye dakika ishirini analipa, na wale wanaokaa pale wanajua kusoma uso wa mwenye dakika ishirini. Upande wa Uganda ada za serikali zinalipwa kwa namba ya malipo, PRN, benki au kwa simu, na risiti inatoka. Ukiambiwa weka noti ndani ya pasipoti, usiweke.

Halafu wale vijana wanaopokea mabegi. Wengi ni watafutaji wa kweli, wanabeba mzigo kwa jasho lao, na bei mnapatana kabla begi halijanyanyuliwa. Mpe begi la nguo, usimpe pasipoti. Pasipoti inatoka mkononi mwako kwenda mkononi mwa ofisa na kurudi kwako. Anayesema "nipe nikupangie, wewe kaa kwenye kivuli" anakuuzia foleni, na akipotea kwenye umati, umepoteza safari yote pamoja na kurudi. Na yule mwingine anayesema mto ni mdogo, maji ya magoti, tupitie chini, huyo usimsikilize kabisa. Lubiriha ina sehemu mtu anavuka kwa miguu, ni kweli. Ila ng'ambo utakuwa mtu asiye na muhuri katika eneo lenye majeraha yale niliyoyataja.

Pesa, sasa. Ukitoka Beni una aina tatu mfukoni: franka, dola, na baadaye shilingi. Franka ina kazi hadi darajani na siku ya kurudi. Ukishapita Bwera, hakuna anayeihitaji. Kwa hiyo gawa mapema: franka za taksi, chakula na kitansi, ziwe ndogondogo, mfuko wa mbele, kwa kuwa mpakani hakuna anayekuwa na chenji. Weka kando franka za taksi ya kurudi Beni, uzifunge, uzisahau. Dola za safari ziwe mwilini chini ya nguo, sehemu mbili, na usizifungue kabisa barabarani. Unachotaka kubadilisha mpakani kitoe chooni au nyumbani kabla hujaondoka, si mbele ya kambisti.

Kwa kambisti badilisha kidogo tu, ya basi na ya kulala usiku mmoja. Zilizobaki zikangoje duka la kubadilisha fedha Kasese au Kampala, lenye ubao wa bei na risiti. Na ujue kabla hujamfikia thamani yake ni ngapi. Nitoe mfano wa namba nyepesi. Tuseme siku hiyo dola moja Beni ni franka 2,800, na ng'ambo dola hiyohiyo ni shilingi 3,600. Basi franka elfu moja zinapaswa kukaribia shilingi 1,285. Kambisti anakuambia, "Mama, elfu kwa elfu na mia mbili." Inasikika vizuri, kwa sababu unapata namba kubwa kuliko uliyotoa. Lakini ukimpa franka 140,000, ambazo ni dola 50, anakupa shilingi 168,000, wakati dola 50 ingekupa 180,000. Shilingi 12,000 zimebaki kwake. Faida yake ana haki nayo, amekaa juani na ana hatari zake, ila wewe ujue ni kiasi gani unamwachia, kisha ukubali au uende kwa wa pili. Kinachoumiza ni kupita hatua mbili, dola kwenda franka Beni, kisha franka kwenda shilingi mpakani. Kila hatua inakukata. Mwenye dola aende na dola.

Wakati wa kupokea, yeye ahesabu kwanza, wewe uhesabu wa mwisho, na ukishahesabu bunda lisirudi mkononi mwake hata kwa sekunde moja. Ule mchezo wa "leta niongeze noti moja iliyopungua" ndio wenyewe: anaongeza juu, anapunguza chini. Noti moja ikipungua, akupe hiyo moja. Noti iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili ukihesabu kwa pembe, kwa hiyo zinyooshe zote. Na kalkuleta ishike wewe.

Mama yetu wa vitenge aliponea hapo. Alipokosa basi, vijana wakamzunguka: kuna gari dogo, panda sasa hivi, basi tutalikuta Kasese. Jua lilikuwa linashuka na yeye alikuwa na dola 400. Akakataa. Akaenda kwenye ofisi ya basi, akaonyesha tiketi na muhuri wa siku hiyohiyo, wakamwandikia nafasi ya asubuhi kwa nyongeza, akalala loji Bwera. Alilipia kitanda na nyongeza ya tiketi kwa shilingi za kambisti, zile dola hakuna aliyejua zipo.

Kurudi kuna mambo yake mawili. Basi la usiku kutoka Kampala linaweza kukushusha mpakani kabla ya kupambazuka, na saa kumi alfajiri ya Uganda ni saa tisa ya usiku kwetu. Ofisi zimefungwa, giza ni nene, na kila abiria ana mzigo. Kaa ndani ya ofisi ya basi pamoja na wenzako mpaka kuche. Au panda la mchana, ulale Kasese au Bwera, uvuke asubuhi ukiwa na siku nzima ya barabara mbele yako.

La pili ni dola unazonunua Kampala kurudi nazo. Duka la kule linaweza kukupa noti yenye mpasuko mdogo pembeni, wao hawaioni kuwa kasoro. Hapa Kilokwa noti hiyo haipokelewi na muuza chumvi. Noti ya dola moja nayo inazungushwa, hata ikiwa safi, na zile za zamani zenye kichwa kidogo zinakataliwa au zinakatwa bei. Kwa hiyo kaa dirishani Kampala, inua kila noti kwenye mwanga, pitisha kidole kwenye kingo zote nne, na yenye mpasuko irudishe palepale kabla hujasaini. Omba za mia na hamsini kwa akiba, na tano na kumi chache za njiani. Ofisa wa duka atavuta pumzi, foleni nyuma itanung'unika. Waache wanung'unike, wao hawatakuwa nawe Kilokwa siku ya kununua unga.